Faida ya Majadiliano

Likizo ndefu ya mwaka jana nilirudi nyumbani Gisenyi kutoka Rukara, ambako nasoma Kiswahili katika Koleji ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Sikuwa nimemaliza hata siku mbili Shangazi akanituma mtoto: niende kwake Mbugangari, kuna karatasi za kusoma. Nilimkuta uani akitandaza sambaza zake kwenye turubai. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiye msomi wa lugha. Hizi karatasi ni za mdogo wako. Hospitali inataka kumsomesha uuguzi. Mimi wananitaka nitie sahihi. Nataka unieleze kwa Kiswahili, kwa ufupi, nijue ninachotilia sahihi."

Mdogo wangu, yaani binti yake, alikuwa amemaliza sekondari lakini hakupata nafasi ya kusomeshwa kwa mkopo wa serikali. Hospitali moja binafsi ilikuwa tayari kumlipia miaka 3 ya uuguzi, kwa sharti kwamba akihitimu aende kuitumikia. Mkataba ulikuwa wa kurasa 7, kwa Kifaransa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, lakini mikataba bado haijapata habari hiyo. Shangazi anazungumza Kinyarwanda na Kiswahili, na anajua hesabu za kuvuka mpaka na samaki kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kifaransa hajui.

Nilikaa na karatasi zile jioni nzima, nikaandika muhtasari wa ukurasa mmoja, nikajivuna nao. Ulikuwa na makosa. Moja kati ya makosa hayo lingeweza kumgharimu Shangazi nyumba. Insha hii ni habari za makosa hayo na jinsi nilivyoyaona.

Muhtasari wangu wa kwanza ulianza pale ambapo mkataba wenyewe ulianza: hospitali inatoa nini. Ada ni faranga 700,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Posho ni faranga 30,000 kwa mwezi, miezi 10 kila mwaka. Jumla ada ni 2,100,000 na posho ni 900,000, basi zote pamoja ni faranga 3,000,000. Kisha nikaandika: "Akihitimu atafanya kazi hospitalini miaka 4. Akiondoka kabla, atarudisha pesa. Mama ni mdhamini." Nilidhani nimemaliza.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu ya mfanyabiashara. "Hiyo miaka minne inaanza siku gani? Akiondoka katikati, anarudisha kiasi gani? Na akishindwa, wanakuja kwa nani kwanza?" Sikuwa na jibu la hata moja. Nilikuwa nimefupisha ahadi nikaacha deni. Nikaomba nirudi na karatasi zile nyumbani.

Swali la kwanza lilijibiwa na ukurasa wa 3, katika sentensi niliyoiruka kwa kuwa ilikuwa ndefu. Kifungo cha kazi, kama ninavyouita wajibu huo wa kuitumikia hospitali, hakianzi siku ya mahafali. Kinaanza siku ambayo mhitimu anasaini mkataba wa ajira. Kati ya siku hizo mbili kuna safari. Muuguzi wa Rwanda akishahitimu hawezi kushika wagonjwa mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi na Wakunga na kupewa leseni. Miezi ya kusubiri mtihani na leseni haihesabiwi. Likizo ya uzazi pia haihesabiwi, wala ugonjwa unaozidi siku 30. Kwa hiyo miezi 48 iliyoandikwa kwenye karatasi inaweza kuchukua miaka 5 na zaidi ya maisha ya msichana.

Na hapo niliona jambo lililonishtua zaidi, nalo halikuwa sentensi iliyoandikwa bali sentensi iliyokosekana. Mkataba ulimfunga mdogo wangu kuitumikia hospitali, lakini hakuna mahali palipoifunga hospitali kumwajiri. Haukutaja ndani ya muda gani watampa kazi, wala kwa mshahara gani. Kama wangemwacha asubiri mwaka mzima nyumbani, kisha akakubali kazi kwingine ili ale, yeye ndiye angehesabiwa amevunja mkataba. Tangu siku hiyo, ninapofupisha mkataba naandika pia kile ambacho haukusema. Msomaji wa muhtasari hana njia nyingine ya kukijua.

Swali la pili lilihitaji kalamu. Kifungu kilisema kwamba deni linapungua kwa robo "kwa kila mwaka kamili wa utumishi". Neno linalobeba mzigo ni "kamili". Nilimchorea Shangazi mfano. Tuseme binti anaacha kazi akiwa amefanya miezi 23. Amemaliza mwaka 1 kamili tu, ile miezi 11 inapotea. Kwa hiyo amepunguza robo moja, faranga 750,000, na anadaiwa 2,250,000. Angevumilia mwezi mmoja zaidi, afikishe miezi 24, angedaiwa 1,500,000. Mwezi huo mmoja una thamani ya faranga 750,000.

Kama deni lingepungua kila mwezi, hesabu ingekuwa nyingine. Gawa 3,000,000 kwa 48, unapata 62,500 kwa mwezi. Kwa miezi 23 angekuwa amepunguza 1,437,500, na angedaiwa 1,562,500. Tofauti ya njia hizi mbili, kwa mtu yule yule aliyeondoka siku ile ile, ni faranga 687,500. Muhtasari wangu wa kwanza uliposema "atarudisha pesa" ulifunika yote hayo kwa maneno mawili.

Pesa hiyo ilitakiwa ilipwe yote kwa mkupuo ndani ya siku 30. Baada ya hapo riba ya asilimia 10 kwa mwaka inaanza kutembea. Kwa deni la 2,250,000, riba ni 225,000 kwa mwaka, yaani 18,750 kila mwezi, hata kabla hujagusa deni lenyewe. Na cheti halisi cha chuo kingekaa kabatini mwa hospitali mpaka kifungo kiishe. Fikiria mtego huo ulivyofungwa: anadaiwa mamilioni ndani ya siku 30, na karatasi ya kuombea kazi ya kulipia deni iko kwa anayemdai.

Swali la tatu ndilo lililonipeleka pabaya. Kwenye ukurasa wa 6 kulikuwa na fungu la mdhamini. Lilisema kwamba mdhamini anawajibika pamoja na mwanafunzi, na kwamba anaacha haki fulani, ambayo jina lake la Kifaransa ukilitafsiri neno kwa neno ni "faida ya majadiliano". Nami nikalitafsiri neno kwa neno. Katika muhtasari wangu wa pili niliandika hivi: "Mdhamini anakubali kwamba hatajadiliana tena juu ya mkataba." Nilielewa kwamba Shangazi akishasaini hatarudi kudai mabadiliko. Nikaona ni sharti la kawaida tu.

Lakini Shangazi hakuridhika. "Kwa nini basi wameomba nakala ya hati ya kiwanja changu?" aliuliza. Hapo nikanyamaza. Kesho yake tulikwenda wote wawili katika ofisi ya msaada wa sheria ya wilaya, ile inayoitwa MAJ. Kila wilaya ya Rwanda inayo, na ushauri wake haulipiwi. Tulikaa kwenye benchi, zamu yetu ikafika. Mwanasheria alisoma ukurasa wa 6, kisha akasoma Kiswahili changu, akatabasamu kidogo.

Akatueleza kwamba maneno yale hayahusu mazungumzo hata kidogo. Ni istilahi ya sheria. Mdhamini wa kawaida ana haki ya kumwambia mdai: nenda kwanza kwa mwenye deni, chukua mali yake, ukikosa ndipo uje kwangu. Haki hiyo ndiyo inayoitwa kwa jina lile. Anayeiacha haki hiyo anakuwa sawa na mdaiwa mwenyewe. Hospitali ikitaka inaweza kumruka binti, hata kama ana mshahara, ikaja moja kwa moja Mbugangari kwa mama yake mwenye kiwanja. Ikishinda mahakamani, dalali wa mahakama ndiye atakayekuja kutekeleza hukumu.

Shangazi aliniangalia. Hakunikaripia. Alisema tu, "Kumbe majadiliano yenyewe ni nyumba."

Nimeifikiria tafsiri ile mara nyingi. Kila neno nililijua, na kamusi ingenikubalia. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba sentensi ya mkataba inasema kile ambacho maneno yake yanasema sokoni. Ishara ilikuwepo na sikuiona: sentensi niliyoiandika haikubadilisha chochote. Kama kifungu kikishafupishwa kinaonekana hakina kazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba hukukielewa, maana wanasheria hawaweki kifungu cha bure karibu na sahihi ya mtu mwenye kiwanja.

Tukiwa njiani kurudi, Shangazi aliniuliza, "Na wewe, ule mkopo wako wa buruse, uliusoma?" Nilicheka ili nisijibu. Ukweli ni kwamba nilisaini mwaka wa kwanza nikiwa kwenye foleni, nikiwaza posho itaingia lini. Usiku ule niliutafuta.

Mkopo wetu wa chuo unaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, ndiyo inayoushughulikia. Haunifungi kumtumikia mwajiri mmoja. Unachofunga ni mshahara wangu: nikiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 8 ya mshahara wa kila mwezi na kuipeleka benki. Nilichukua mshahara wa mfano wa faranga 180,000. Asilimia 8 yake ni 14,400. Kama deni ni 3,000,000 kama la mdogo wangu, na tukiacha riba kando, nitalipa kwa miezi 208 na kidogo, zaidi ya miaka 17. Ni muda mrefu mno. Lakini kila mwezi zinanibakia 165,600 za kuishi, na nikihama shule au mji makato yananifuata bila mtu kuniita mvunja mkataba.

Nikaziweka karatasi mbili pamoja. Mkopo wa serikali unatembea taratibu nyuma ya mshahara. Ufadhili wa hospitali unaonekana si deni kabisa, na kweli, ukitumikia miaka 4 yote hulipi hata faranga moja. Lakini ukijikwaa katikati, unageuka kuwa deni la siku moja, kubwa kuliko mshahara wa mwaka mzima: 2,250,000 ni mishahara 12 na nusu ya 180,000. Hakuna ulio mbaya kwa kila mtu. Anayejua kwamba atakaa Rubavu miaka 5 anaweza kuchagua wa hospitali kwa moyo mweupe. Mwenye mchumba Kigali afikiri mara mbili.

Kwa wenzangu wa nchi jirani, maswali ya Shangazi yanafaa vilevile, ingawa majibu ni tofauti. Kenya, mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na jina lake linaweza kupelekwa kwenye ofisi zinazoweka kumbukumbu za wadaiwa, ambako mabenki huchungulia kabla ya kumkopesha mtu. Faini hiyo haiangalii ukubwa wa deni: mwenye deni dogo anatozwa sawa na mwenye kubwa.

Tanzania ina somo jingine. Huko wanufaika wa Bodi ya Mikopo walikuwa wakikatwa asilimia 8 ya mshahara, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 na makato yakawa asilimia 15, hata kwa watu waliokopa zamani. Mwaka 2021 mambo yakageuka upande wa pili, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikafutwa. Kwa hiyo mkopo wa serikali una sehemu mbili: karatasi uliyosaini na sheria iliyo nyuma yake. Karatasi haibadiliki. Sheria inabadilika. Anayefupisha mkopo wa namna hiyo aandike asilimia pamoja na mwaka wa asilimia hiyo, msomaji asidhani ni ya milele.

Muhtasari wa tatu niliuandika kwa kufuata maswali ya Shangazi, si kurasa za mkataba. Ulikuwa hivi:

"Deni ni hadi faranga 3,000,000. Litafutika lote ikiwa binti atafanya kazi hospitalini miezi 48. Miezi hiyo inahesabiwa kuanzia siku atakapoajiriwa, si siku atakapohitimu. Akiondoka kabla, kila mwaka aliomaliza wote unafuta faranga 750,000. Mwaka ambao haukuisha haufuti kitu. Kilichobaki kinalipwa chote ndani ya siku 30, baadaye kuna riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Akirudia darasa, hospitali inaacha kulipa na inaweza kudai iliyokwisha kulipa. Cheti kinabaki hospitalini. Mama anaweza kudaiwa kabla ya binti, kiasi chote, na kiwanja chake kinaweza kuguswa. Mkataba hausemi hospitali itamwajiri lini, wala kwa mshahara gani."

Shangazi alinitaka niusome mara mbili. Kisha akauliza kama karatasi ile inaweza kubadilishwa. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba inaweza kabla ya sahihi, si baada yake. Tukaandika barua yenye maombi manne, tukaipeleka wenyewe kwa msimamizi wa hospitali: deni lipungue kwa mwezi badala ya mwaka, binti asipoajiriwa ndani ya miezi 6 baada ya kupata leseni awe huru, cheti akae nacho mwenyewe, na mdhamini adaiwe tu baada ya binti, tena asizidi faranga 1,500,000.

Walitujibu baada ya wiki mbili. Kupunguza deni kwa mwezi walikataa. Cheti walikataa. Miezi 6 walikubali. Na mdhamini walikubali vyote viwili: kiwango kikawekwa, na yale maneno ya ukurasa wa 6 yakafutwa kwa mstari, kila upande ukatia sahihi ndogo pembeni ya mstari huo.

Siku ya kusaini tulikwenda kwa notari. Mdogo wangu alikuwa amevaa nguo ya sikukuu. Kabla ya kushika kalamu, Shangazi alimgeukia akamwambia kwa Kiswahili, mbele ya watu wote: "Mwanangu, umesikia? Ukichoka, usichoke mwezi wa ishirini na tatu." Kisha akatia sahihi, akakunja muhtasari wangu ndani ya mkataba, akauweka kwenye kibegi chake pamoja na kitambulisho cha kuvukia mpaka. Saa saba alikuwa tayari yuko Petite Barrière na ndoo yake ya samaki.